FALSE au NOT GIVEN? Jinsi ya kuzitenganisha kwenye mtihani wa IELTS

Katika sehemu ya kusoma ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, kuna maswali yanayokupa kauli na kukutaka useme kama ni TRUE, FALSE au NOT GIVEN kulingana na kifungu ulichosoma. Watahiniwa wengi hawahangaiki sana na TRUE, yaani pale kifungu kinapokubaliana na kauli. Wanakwama pale kauli inapoonekana haikubaliani na kifungu, lakini hawana hakika kama kifungu kinaikataa au hakijasema lolote juu yake. Mwongozo huu unashughulikia hapo tu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu maana. FALSE ni pale kifungu kinaposema jambo linaloipinga kauli. NOT GIVEN ni pale kifungu kisipoithibitisha kauli wala kuipinga. Mtu akikuuliza, "Jirani yako ameoa?", kuna tofauti kubwa kati ya kujibu "Hapana, ni kapera" na kujibu "Sijui, hajaniambia." La kwanza ni FALSE, la pili ni NOT GIVEN. Kosa kubwa la watahiniwa ni kujibu "hapana" mahali ambapo jibu la haki ni "hajaniambia".

Kifungu cha mtihani huwa cha Kiingereza, lakini hapa tunatumia cha Kiswahili ili akili yako ishughulike na hoja badala ya msamiati. Kisome mara moja.

> Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya miongo michache mashamba yake yalikuwa yameenea kisiwani. Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga kisiwa hicho. Mikarafuu michache tu ndiyo iliyobaki imesimama. Pemba, kisiwa jirani, haikuguswa sana. Mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo wenye mashamba wa Unguja waliopanda upya walilazimika kusubiri. Katika miaka iliyofuata, Pemba ndiyo iliyoongoza kwa uzalishaji wa karafuu.

Na hizi ndizo kauli tano:

1. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kikali kuliko kingine chochote kilichowahi kupiga Unguja.
2. Kimbunga hicho kiliangusha mikarafuu yote ya Unguja.
3. Pemba iliharibiwa kwa kiwango sawa na Unguja.
4. Mkarafuu huanza kuzaa ndani ya mwaka wa kwanza tangu kupandwa.
5. Wakati wenye mashamba wa Unguja wakisubiri miche ikue, bei ya karafuu ilipanda.

Hatua ya 1: Tafuta kile hasa kinachodaiwa

Kila kauli ina mada na ina dai. Mada ni kinachozungumzwa, na dai ni kile kinachosemwa juu yake. Katika kauli ya 1 mada ni kimbunga cha 1872, lakini dai ni kwamba kilivishinda vimbunga vyote. Pigia mstari dai, usiipigie mada. Mada karibu kila mara utaikuta kwenye kifungu, hata kwa kauli ambazo jibu lake ni NOT GIVEN. Watunga mtihani huchukua mada iliyopo kweli, kisha wanaiwekea dai ambalo mwandishi hakuligusa. Ukipigia mstari "kimbunga" na "1872", utayakuta yote mawili kwenye kifungu na utahisi umepata jibu, kumbe bado hujalitafuta.

Kwa kauli zetu, madai ni haya: "kuliko kingine chochote", "yote", "kwa kiwango sawa", "ndani ya mwaka wa kwanza", na "bei ilipanda".

Hatua ya 2: Fika kwenye sentensi husika, kisha simama hapo

Kauli za aina hii hufuata mpangilio wa kifungu. Kwa hiyo ukishapata mahali pa kauli ya 2 na mahali pa kauli ya 4, ya 3 iko katikati yao. Faida yake ni kwamba huhitaji kusoma kifungu kizima kuthibitisha kuwa jambo fulani halipo. Soma sentensi inayotaja mada, pamoja na moja kabla yake na moja baada yake. Kama dai halimo humo, usiendelee kulisaka kurasa nzima. Sehemu ya kusoma ina maswali 40 kwa dakika 60, yaani dakika moja na nusu kwa swali, na humo humo unatakiwa usome vifungu vyenyewe. NOT GIVEN ndiyo inayokula muda wa watu, kwa sababu mtu anatafuta kitu ambacho hakijaandikwa.

Ila angalizo moja: usilitafute dai kwa neno lilelile. Kifungu kinaweza kusema "haikuguswa sana" huku kauli ikisema "iliharibiwa". Neno kukosekana si ushahidi wa NOT GIVEN. Kinachotakiwa kukosekana ni habari yenyewe.

Hatua ya 3: Geuza kauli

Hapa ndipo penye kazi hasa. Chukua kauli, weka mbele yake maneno "si kweli kwamba", kisha uliza: je, sentensi ya kifungu inaweza kukaa pamoja na kauli ya asili? Na je, inaweza kukaa pamoja na ile iliyogeuzwa? Kama inakaa na zote mbili bila mgongano, jibu ni NOT GIVEN. Kama inakaa na iliyogeuzwa peke yake, jibu ni FALSE. Ikikaa na ile ya asili peke yake, ni TRUE.

Anza na kauli ya 5. Kifungu kinasema wenye mashamba walilazimika kusubiri. Je, inawezekana walisubiri na bei ikapanda? Inawezekana. Je, inawezekana walisubiri na bei isipande? Nayo inawezekana, maana kifungu hakikusema lolote juu ya soko. Zote mbili zinakaa, kwa hiyo ni NOT GIVEN. Kauli hii ina mtego mbaya kwa mtu anayejua biashara, kwa sababu anajua bidhaa ikiadimika bei hupanda. Huenda ni kweli kabisa, lakini mtihani haupimi unachokijua wewe, unapima mwandishi alichoandika.

Sasa kauli ya 2. Je, mikarafuu yote inaweza kuwa ilianguka ilhali michache ilibaki imesimama? Haiwezekani. Kauli ya asili imegongana na kifungu, ni FALSE. Hapo angalia jinsi ya kugeuza vizuri. Kinyume cha "yote iliangushwa" si "hakuna hata mmoja ulioangushwa". Kinyume chake ni "si yote iliyoangushwa". Mtu anayegeuza kwa kurukia upande wa mwisho anaona kifungu hakisemi kwamba hakuna ulioanguka, anakosa pa kushika, na anaishia kuandika NOT GIVEN. Ndiyo maana tunatumia "si kweli kwamba" badala ya kutafuta neno la kinyume kichwani.

Kauli ya 3: Pemba haikuguswa sana, na Unguja ilibakiwa na mikarafuu michache tu. Viwango hivyo viwili haviwezi kuwa sawa. FALSE. Mwandishi hakuandika popote kwamba "Pemba na Unguja hazikuharibiwa sawa", na hahitaji kuandika hivyo. Si lazima FALSE ije na neno la kukanusha. Mara nyingi inakuja kwa kutoa habari nyingine isiyoweza kuwa kweli sambamba na kauli.

Kauli ya 4 ni hivyohivyo. "Miaka kadhaa kabla ya kuzaa" na "ndani ya mwaka wa kwanza" haviwezi kusimama pamoja, kwa hiyo FALSE. Lakini badilisha kauli kidogo iwe "Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6". Je, sita inaweza kuwa "miaka kadhaa"? Ndiyo. Inaweza pia isiwe sita? Ndiyo. Mara moja jibu limehama kutoka FALSE kwenda NOT GIVEN, ingawa mada ni ileile na sentensi ya kifungu ni ileile. Zoezi la kubadilisha dai namna hii linafundisha kuliko kusahihisha majibu tu: kila ukimaliza seti ya mazoezi, chukua kauli moja ya FALSE uiandike upya mpaka iwe NOT GIVEN.

Hatua ya 4: Onyesha kwa kidole

Kabla ya kuandika FALSE, weka kidole kwenye maneno ya kifungu yanayoipinga kauli. Kwa kauli ya 2 ni "michache tu ndiyo iliyobaki imesimama". Kwa ya 3 ni "haikuguswa sana". Kwa ya 4 ni "miaka kadhaa kabla". Kwa ya 5 kidole hakina pa kutua. Ukijikuta unaeleza ("lakini kama walisubiri, basi maana yake..."), umeacha kusoma na umeanza kutunga. Hatua moja fupi ya kufikiri inaruhusiwa, kama ile ya kulinganisha visiwa viwili. Zikifika mbili au tatu, andika NOT GIVEN.

Turudi kwenye kauli ya 1, ambayo tuliiruka makusudi. Kifungu kinasema "kimbunga kikali". Wengi huandika TRUE kwa sababu ya neno "kikali", na waangalifu zaidi huandika FALSE kwa kuwa kifungu hakikusema "kikali kuliko vyote". Wote wamekosa. Kimbunga kikali kinaweza kuwa ndicho kikali kuliko vyote, na kinaweza kisiwe. Mwandishi hakukilinganisha na kingine. NOT GIVEN. Kauli yenye ulinganisho ("kuliko", "zaidi ya", "sawa na") idai kwanza pande mbili kwenye kifungu. Upande mmoja ukikosekana, hakuna ulinganisho wa kukubali wala kukataa. Kauli ya 3 ilikuwa na pande zote mbili, ndiyo maana tuliweza kuikataa.

Neno "pekee" nalo lina tabia yake. Kauli ikisema "Karafuu ililimwa Unguja pekee", kifungu chetu kinataja Pemba, hivyo ni FALSE. Kama kifungu kingetaja Unguja tu bila kugusa mahali pengine popote, ingekuwa NOT GIVEN, kwa maana kutotaja si kukanusha.

Unapoandika jibu

Soma maelekezo yaliyo juu ya maswali. Kuna aina ya pili yenye YES, NO na NOT GIVEN, inayouliza kuhusu maoni au madai ya mwandishi badala ya habari. Njia ya kugeuza inafanya kazi vilevile, ila andika neno lilelile lililotajwa kwenye maelekezo. Katika mtihani wa karatasi hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu ya sehemu ya kusoma, kwa hiyo andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi usiache nafasi wazi. Ukibaki na sekunde chache na unayumba kati ya FALSE na NOT GIVEN, rudi kwenye kidole: hakuna maneno ya kuonyesha, andika NOT GIVEN na uende swali linalofuata.