Kutoka Dar kwenda kucheza Addis Ababa: wiki moja ya kuzoea hewa nyepesi

Mara ya kwanza nilipopeleka timu ya vijana Addis Ababa, tulitua Alhamisi jioni na mechi ilikuwa Jumamosi. Dakika ya 20 winga wetu, mwenye mbio kuliko wote, alisimama karibu na mstari ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwa mgonjwa wala mvivu. Addis iko mita 2,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Dar, ila mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu robo, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Tangu siku ile nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Kabla ya safari

Uliza nani ana vinasaba vya selimundu, hata kama hajawahi kuugua. Mchezaji wa namna hiyo anaweza kupata shida ya bandama akijituma sana milimani. Daktari amwone kwanza, na akiwa kule akilalamika maumivu chini ya mbavu za kushoto, mtoe mazoezini na mpeleke hospitali.

Hatua ya 2: Fika siku saba kabla ya mechi

Ukifika, mwili unaanza kuhema zaidi wenyewe. Kuhema huko kunatoa hewa ya ukaa nyingi, damu inabadilika, na figo huchukua siku kadhaa kuirekebisha. Ndiyo maana usiku wa kwanza hadi wa tatu watu wanalala vibaya na wengine kichwa kinauma. Sisi tuliocheza siku ya pili tulikuwa katikati ya shida hiyo hasa.

Siku ya kwanza ni kutembea tu. Ya pili na ya tatu, dakika 30 hadi 40 za kugusa mpira bila mbio kali. Ya nne anza mbio fupi, ya tano fanya zoezi zito moja, ya sita punguza. Maji yanywewe mara kwa mara, kwa sababu hewa ni kavu na watu wanakojoa zaidi. Kila asubuhi, kabla hawajatoka kitandani, wahesabu mapigo ya moyo. Siku za mwanzo yatapanda. Yakianza kurudi karibu na yale ya nyumbani, mwili unakubali. Ambaye kichwa kinamuuma huku anatapika, apumzike kabisa. Akiyumba akitembea au akihema sana ameketi tu, asisubiri: hospitali, na ashushwe sehemu ya chini zaidi.

Wiki moja haitoshi kuongeza chembe nyekundu za damu za maana. Hilo linataka wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Fundisha kupumzika kati ya mbio

Hapa makocha wengi hukosea. Mbio moja ya mita 20 mchezaji ataikimbia karibu kama nyumbani. Kinachochelewa ni kurudisha pumzi ili akimbie ya pili. Nyumbani nilikuwa nawapa sekunde 30 kati ya mbio na mbio; kule nawapa 60, halafu napunguza kadiri siku zinavyokwenda. Wanajifunza kutoa pumzi ndefu hadi mwisho, si kuvuta haraka haraka. Kwenye mechi beki wa pembeni akipanda, mwenzake wa upande wa pili anabaki, na kukaba juu tunafanya kwa vipindi vifupi.

Hatua ya 4: Pima mpira, kisha uujue upya

Mpira uliojazwa Dar kwa presha ya bar 0.8 ukifika Addis utasoma karibu 1.0, kwa sababu hewa ya nje haiubani tena kama zamani. Unakuwa mgumu na unadunda juu. Toa upepo, pima tena, ndipo uanze mazoezi.

Hata ukiwa na presha sahihi, hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Mpira haupunguzi kasi upesi, na pia haupindi sana. Frii-kiki ambayo Dar ingepinda mita mbili na nusu itapinda kama mita mbili, na nusu mita ndiyo tofauti ya kona ya goli na nje ya mwamba. Waambie wapigaji walenge ndani zaidi, kila mmoja apige mipira 30 kwa siku tatu. Pasi ndefu itampita mshambuliaji, basi ipigwe kwa nguvu ndogo.

Kipa ndiye anayeumia zaidi. Siku ile wetu alitoka kudaka krosi akitegemea ishuke kwenye nguzo ya pili. Ikamvuka kwa kiganja kimoja na kumkuta mtu nyuma. Sasa kipa wangu anadaka krosi kuanzia siku ya pili, kwanza akibaki mstarini na kusema kwa sauti itatua wapi, bila kutoka. Akipatia nane kati ya kumi, namruhusu kutoka.