Kutoka muswada hadi kurushwa: majukumu na idhini katika timu ya kujitolea ya chaneli ya darsa

Mwongozo huu unahusu chaneli ya YouTube ya msikiti, inayorusha darsa fupi za dakika tano hadi nane kwa Kiswahili, na ambayo waendeshaji wake hawalipwi, kila mmoja akiwa na shughuli yake ya kumpatia riziki. Mtu wa kujitolea hawezi kubanwa kama mwajiriwa, kwa hiyo mlolongo wa idhini unapaswa kuwa mfupi na kila mtu ajue zamu yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Hata hivyo hauwezi kufutwa, kwa sababu hadithi iliyonukuliwa vibaya husambazwa kwa jina la msikiti, na anayeisikia huichukua kuwa ni dini.

Kanuni inayoshikilia mambo yote yanayofuata ni hii: idhini hutolewa kwa toleo fulani la muswada au la video, wala haitolewi kwa mada. Sheikh aliyesema “darsa ya elimu ni nzuri, endeleeni” hajaidhinisha chochote bado.

Hatua ya kwanza: kugawa majukumu

Kazi zenyewe ni tano. Mwandishi huandika muswada. Mhakiki, ambaye ni ustadhi au ustadha mwenye elimu ya kutosha kurejea vitabu vya asili, hukagua aya, hadithi na hukumu za fikihi. Msomaji hurekodi, mhariri wa video hukata na kuunganisha, na mrushaji hupakia. Juu yao yupo mratibu, ambaye kazi yake ni kujua kila muswada uko mikononi mwa nani na tangu lini.

Timu ndogo haina watu wa kutosha kwa nafasi zote, na hakuna ubaya mtu mmoja kushika mbili, mradi asipitishe kazi aliyoifanya mwenyewe. Mwandishi anaweza kuwa msomaji, lakini hawezi kuwa mhakiki wa muswada wake hata kama amesoma kuliko wenzake wote. Vilevile mhariri wa video hafai kuwa mrushaji, kwa sababu mtu aliyeitazama video mara nyingi akiikata hayaoni tena makosa yake.

Mhakiki awe na naibu tangu mwanzo. Mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo chaneli inatazamwa zaidi, ndio wakati ambapo masheikh wana nafasi ndogo zaidi, na timu isiyo na naibu hujikuta ikirusha bila uhakiki kwa kisingizio cha haraka. Ninapendelea mmoja wa wawili hao awe ustadha, kwani miswada inayohusu twahara ya wanawake kwa ajili ya ibada, eda na mambo ya ndoa hukaguliwa vizuri zaidi na mtu anayeulizwa maswali hayo kila siku.

Hatua ya pili: muswada wenye jedwali la nukuu

Mwandishi huandika katika Google Docs, na chini ya muswada huweka jedwali lenye safu nne: maneno yaliyonukuliwa, rejea kamili, daraja la hadithi na nani aliyetoa hukumu hiyo, na tarjuma iliyotumika. Nukuu isiyo na rejea haipelekwi kwa mhakiki kabisa, mratibu huirudisha. Huenda hilo likaonekana ni ukali, lakini mhakiki anayejitolea akipewa kazi ya kutafuta vyanzo badala ya kuvikagua, baada ya muda hataonekana tena.

Kwa upande wa tarjuma ya Qur’ani, timu ichague moja na kubaki nayo, kwa mfano ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Mwandishi asijitungie tarjuma yake ili sentensi ikae vizuri mdomoni.

Hatua ya tatu: uhakiki

Tuchukue mfano wa muswada unaohimiza vijana kusoma, ambao mwandishi ameuwekea nukuu nne: aya ya 114 ya Sura Taha, inayomfundisha Mtume kuomba azidishiwe elimu, maneno “tafuteni elimu hata Uchina”, hadithi ya “kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu mwanamume na mwanamke”, na hadithi ya mwenye kushika njia akitafuta elimu, kwamba Mwenyezi Mungu humrahisishia kwa hiyo njia ya kwenda Peponi.

Aya inapita, baada ya kulinganishwa na msahafu herufi kwa herufi. Hadithi ya nne nayo inapita, kwa kuwa imo katika Sahih Muslim, namba 2699. Maneno ya Uchina yanaondolewa: al-Bayhaqi aliyapokea na kueleza kuwa sanadi yake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi aliyatia katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzushwa. Mwandishi anaweza kulalamika kuwa maana yake ni nzuri na kila mtu anayajua. Maana nzuri haitoshi kumnasibishia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, maneno ambayo hayakuthibiti kwake, na umaarufu wake ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuyakagua.

Nukuu ya tatu ndiyo inayoonyesha kazi halisi ya mhakiki, kwa sababu si ya kukubaliwa yote wala kukataliwa yote. Sehemu ya kwanza imo katika Sunan Ibn Majah, namba 224, na wanazuoni wengi wameikubali kwa wingi wa njia zake. Nyongeza ya “na mwanamke” haimo katika njia hizo, kama alivyobainisha as-Sakhawi, ingawa hukumu yenyewe inawahusu wanawake bila shaka. Mhakiki haandiki tu “rekebisha”. Anaandika maneno sahihi na sababu kwa sentensi moja: nukuu iishie kwenye “kila Muislamu”, kisha msomaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe kuwa wanawake wamo. Kwa njia hiyo mwandishi hujifunza, na muswada wake unaofuata huja ukiwa safi zaidi.

Jambo ambalo wanazuoni wanahitilafiana, mhakiki halipitishi wala halikatai peke yake. Hulitia alama ya “khitilafu” na kulipeleka kwa imamu, ambaye huamua ama litajwe pamoja na rai zote, ama liachwe. Tangazo la mwezi mwandamo liwekwe katika kundi hilo daima. Kwa kuwa Afrika Mashariki wapo wanaofuata mwezi wa kuonekana karibu na wapo wanaofuata wa popote, mrushaji asiyesubiri neno la imamu anaweza kuugawa msikiti kwa posti moja.

Hatua ya nne: kufunga toleo

Mhakiki afanye kazi yake akiwa amepewa ruhusa ya `Commenter`, ili maoni yake yaonekane na muswada usibadilike kimyakimya. Marekebisho yakiisha, mratibu hufungua `File > Version history > Name current version` na kulipa toleo jina, kwa mfano elimu-T3 kwa toleo la tatu, kisha mhakiki huandika maoni ya mstari mmoja kwenye kichwa cha muswada:

```
IMEIDHINISHWA | elimu-T3 | mhakiki: (jina) | tarehe
```

Kidole gumba kwenye kundi la WhatsApp hakihesabiwi kuwa idhini. Hakuna anayeweza kujua baadaye kilikubali toleo la pili au la tatu, au kilimaanisha tu “nimeona”. Neno lolote likibadilishwa baada ya mstari huo, toleo linakuwa T4 na linarudi kwa mhakiki, ambaye safari hii husoma sehemu iliyobadilika tu.

Hatua ya tano: kurekodi na kuhariri

Msomaji husoma T3 kama lilivyo. Wasomaji wazuri wana tabia ya kuchangamka na kuongeza hadithi wanayoikumbuka kichwani. Mhariri wa video akisikia nukuu ambayo haimo kwenye muswada, anaikata, au anaandika dakika na sekunde yake na kumpelekea mhakiki.

Aya zinazoandikwa kwenye kioo zinahitaji jicho la pekee. Programu za kuhariri zisizoshughulikia vizuri maandishi ya kulia kwenda kushoto huziachanisha herufi za Kiarabu au kuzipanga kinyume, na mhariri asiyesoma Kiarabu hatagundua. Dalili yake ni herufi kusimama moja moja badala ya kushikana. Njia salama ni kuiingiza aya ikiwa picha iliyotengenezwa tayari na kukaguliwa.

Klipu fupi ninaziogopa zaidi kuliko video nzima. Mwalimu anasema, “Wapo wanaosema jambo hili linajuzu, lakini kauli hiyo haina dalili,” na klipu inaishia kabla ya “lakini”. Kila klipu basi ihesabiwe kuwa kazi mpya yenye idhini yake, na mhakiki aisikilize pamoja na nusu dakika iliyo kabla na baada yake kwenye darsa kamili.

Iwapo watoto wa madrasa wanaonekana usoni, idhini ya mzazi kwa maandishi ipatikane kabla ya kamera kuwashwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu hata picha hizo.

Hatua ya sita: kupakia na kurusha

Katika YouTube Studio, ruhusa hutolewa kupitia `Settings > Permissions`. Mwenye nafasi ya `Editor` anaweza kupakia na kurusha bila kumuuliza mtu, na mtandao wenyewe hauna mahali pa kumsimamisha asubiri idhini. Kwa hiyo kufuli halisi ni kutowapa watu wengi nafasi hiyo: mrushaji na naibu wake wanatosha, na `Manager` abaki kuwa mratibu. Neno la siri la akaunti lisigawiwe kwa yeyote. Anayeondoka kwenye timu huondolewa ruhusa siku hiyo hiyo.

Video hupakiwa ikiwa `Private`. Mhakiki huitazama akiwa na T3 mkononi, akifuata nukuu tu. Mratibu huitazama yote kwa sauti, picha na maandishi. Kichwa cha habari na picha ya jalada ni sehemu ya kinachoidhinishwa. Darsa ya upole iliyopewa kichwa “Sheikh awalipua wanaopinga elimu” imekwisha kuwa darsa nyingine, ingawa ndani halijabadilika neno. Wote wawili wakishaandika idhini yao kwa jina na tarehe, mrushaji hupanga saa kwa `Schedule`.

Ukaguzi huu hauwezi kuahirishwa, kwa sababu YouTube hairuhusu faili la video kubadilishwa baada ya kupakiwa. Unaweza kukata kipande, lakini ukitaka kuweka maneno mapya ni lazima upakie upya, na kiungo kinakuwa kingine.

Kosa likigunduliwa baada ya kurushwa

Mrushaji huirudisha video kuwa `Private` mara anapoarifiwa kosa la aya au hadithi, bila kusubiri kikao. Hilo ndilo jambo pekee analoruhusiwa kulifanya bila idhini. Mhakiki huamua kama kipande kinakatwa au video inarekodiwa upya, na toleo jipya hupita hatua zilezile. Likirushwa, maelezo yake yataje kilichosahihishwa, na kiungo kipya kipelekwe katika makundi yaleyale yaliyopokea kile cha zamani, kwa kuwa nakala zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu hazirudi.