Ruta tatu: andika pia jirani unayepitia

Ukichora jedwali la njia za ruta A–B–C zilizopangwa mstari, kila kiungo gharama 1, kando ya umbali andika jirani unayepitia. Kwenda C, B ana 1, A ana 2 kupitia B. Kiungo B–C kikikatika, B humsikia A akitangaza 2, anaandika 3. A anaandika 4, B 5, hadi 16, ambayo kwenye RIP, itifaki ya ruta kutangaziana umbali, ndiyo "haifikiki". Safu ile ya jirani inakuonyesha kosa papo hapo: njia ya A inapita kwa B mwenyewe! Basi A amtangazie B 16, na kuhesabu kunakoma. Ila ruta tatu zikiunda pembetatu na mtandao wa mbali ukakatika, tangazo likichelewa, hesabu bado inaweza kuzunguka.