Pesa Moja, Saa Tatu: Namna ya Kusoma Saa za Ujumbe na Risiti za Nairobi Ukiwa Ughaibuni

Tarehe 5 Machi 2025 kaka yangu, anayeishi Minneapolis, alilipa kodi ya nyumba ya mama yetu iliyoko Umoja kwa programu ya kutuma pesa aliyo nayo kwenye simu. Kodi hiyo inatakiwa imfikie msimamizi wa ploti kabla tarehe 5 haijaisha, na anayechelewa huongezewa faini ya shilingi 500. Kaka alinitumia picha ya risiti, nami nikampelekea msimamizi asubuhi iliyofuata. Picha ilionyesha tarehe 5, `4:39 PM`. Msimamizi akatoa simu yake, akafungua ujumbe wa M-Pesa na kunionyesha maneno `on 6/3/25 at 1:42 AM`, ilhali pembeni mwa ujumbe huo huo simu ilikuwa imeandika `6:15 AM`.

"Hapa pana saa tatu za pesa moja," akaniambia. "Wewe niambie nishike ipi."

Hakuna saa iliyokuwa imekosea kati ya hizo tatu. Kila moja iliandikwa na mtu wake, ikiwa na maana ya walau tukio moja katika safari ya pesa hiyo, na anayeishi nje ya nchi hana budi kujua ni ipi inayohesabiwa Nairobi.

Tuanze na ile iliyomo ndani ya maneno ya ujumbe. Pesa zinapoingia, mtambo wa malipo huandika tarehe na saa ya kukamilika kwa shughuli hiyo kama sehemu ya sentensi, sawa na unavyoandika jina la mpokeaji au kiasi cha pesa. Saa hiyo ni ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya UTC, kipimo ambacho dunia nzima hukitumia kulinganishia saa. Kwa kuwa yamekwisha kuwa maandishi, simu haiyagusi. Msimamizi angekuwa Umoja au Dubai au Toronto, bado angesoma `1:42 AM`. Vivyo hivyo kwako wewe uliyebaki na laini yako ya Kenya huko uliko: ukilipa kwa M-Pesa kutoka nje, ujumbe wa kuthibitisha utakuja na saa ya Nairobi ndani yake hata kama dirishani mwako jua bado linawaka.

Saa inayoonekana pembeni au juu ya ujumbe ni jambo tofauti kabisa. Ujumbe mfupi haupelekwi moja kwa moja kwenye simu. Hupitia kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, ambacho huubandika muhuri wa saa na kuuhifadhi mpaka simu ya mpokeaji ipatikane. Muhuri huo una mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, na mwishoni una tofauti ya eneo na UTC inayohesabiwa kwa robo saa, hivyo Nairobi ni robo 12. Simu ikiupokea, huchukua muhuri na kuubadilisha kuwa saa ya mahali ilipo. Lakini simu nyingine hazionyeshi muhuri huo kwanza, bali huonyesha dakika ambayo ujumbe uliingia mfukoni mwako. Katika simu nyingi za Android ukiubonyeza ujumbe kwa muda kisha ukafungua maelezo yake, utaziona zote mbili: wakati ulipotumwa na wakati ulipopokelewa. Msimamizi alikuwa amezima simu alipolala. Aliiwasha saa kumi na mbili na robo asubuhi, ujumbe ukaingia, na ndiyo asili ya ile `6:15 AM`. Pesa zenyewe zilikuwa zimemsubiri kwenye akaunti tangu saa saba usiku.

Inabaki ile ya kaka. Programu za kutuma pesa kwa kawaida huandika risiti kwa saa ya simu inayozitazama, ingawa barua pepe ya uthibitisho inaweza kuja kwa saa ya UTC; herufi hizo tatu, au herufi `Z` baada ya saa, au `+0000`, zote zina maana hiyo moja. Mwezi Machi, kabla Wamarekani hawajasogeza saa zao, Minneapolis ilikuwa nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Ukiongeza saa tisa kwenye `4:39 PM` ya Jumatano unapata `1:39 AM` ya Alhamisi. Ujumbe wa M-Pesa unasema `1:42 AM`. Kwa hiyo kilichobaki ni dakika tatu tu, na hizo ndizo muda ambao kampuni ya kutuma ilichukua kukubali malipo, kubadilisha dola kuwa shilingi na kuzisukuma hadi Kenya. Risiti ya mtumaji huonyesha wakati alipobonyeza. Ujumbe wa mpokeaji huonyesha wakati pesa zilipofika.

Hapo ndipo penye kipimo ambacho mimi hukitumia kabla ya kuanza kumshuku mtu. Kwanza natazama dakika, wala si saa. Ikiwa dakika zinakaribiana sana na saa zimeachana kwa idadi kamili, kama 4:39 na 1:42, tofauti hiyo ni ya eneo na hakuna kilichochelewa isipokuwa hizo dakika chache. Ikiwa dakika hazioani, kama 1:42 na 6:15, basi kuna kitu kilikaa mahali: simu ilizimwa, ilikosa mtandao, au malipo yalisimama njiani. Walio India, kwa mfano, watapata taabu na kipimo hiki, kwa sababu wao wako mbele ya Nairobi kwa saa mbili na nusu, hivyo wataona dakika 30 zisizo za ucheleweshaji wowote. Walio Doha na Riyadh hawana la kuhesabu, maana saa yao ni ile ile ya Nairobi mwaka mzima.

Mara moja moja utakutana na ujumbe uliotoka kesho, kwa namna ya kusema: umeingia sasa hivi, lakini saa yake iko mbele ya saa ya simu kwa saa tatu kamili. Hilo hutokea pale kituo cha ujumbe kinapoandika saa ya Nairobi huku kikiweka tofauti ya eneo kuwa sifuri. Simu huamini kuwa ile ni saa ya UTC, ikaongeza tatu nyingine. Dalili yake ni kwamba ujumbe wa mtumaji huyo mmoja ndio unaoruka mbele, ilhali wa wengine umetulia, na majibu yako yanajipanga juu yake kana kwamba ulijibu kabla ya kuulizwa. Kwenye simu yako hakuna cha kurekebisha. Soma saa iliyo ndani ya maneno.

Kosa ambalo sisi wenyewe hulifanya ni la kusogeza mishale kwa mkono. Mtu hutamani simu yake ya Minneapolis isome saa ya nyumbani, basi anazima mpangilio wa saa wa kujiendesha na kuongeza saa tisa, lakini eneo analiacha lile lile la Minneapolis. Tangu hapo simu inaamini kuwa dunia nzima iko saa tisa mbele. Risiti zitapotoka, na namba za siri zinazozalishwa na programu za uthibitisho kila baada ya sekunde 30 zitakataliwa, kwa sababu huhesabiwa kutokana na saa ya UTC iliyo ndani ya simu. Acha saa ijiendeshe, kisha ongeza Nairobi kwenye saa za dunia, ili uzione zote mbili bila kuivuruga simu.

Kuna na mtego wa lugha yetu. Kaka amekaa Marekani miaka mingi kiasi kwamba aliponipigia aliniambia, "Nimetuma saa nne na nusu hivi." Mimi nilielewa saa nne na nusu ya usiku wa Nairobi, kwa sababu huku ndivyo tunavyohesabu, na nikamhakikishia msimamizi kuwa tumewahi. Yeye alikuwa anatafsiri `4:39 PM` neno kwa neno, wakati kwa Kiswahili ni saa kumi na dakika 39 jioni. Siku hizi namwomba aandike tarakimu kama alivyoziona, na mji alipo, yaani `4:39 PM Minneapolis`, nami nifanye hesabu mwenyewe.

Kuhusu faini, msimamizi alikuwa na haki. Tarehe 5 ya mkataba ule ni tarehe 5 ya Nairobi, nayo kwa aliye Minneapolis mwezi Machi ilikwisha saa tisa alasiri. Tulilipa shilingi 500. Tungekuwa na ubishi wa kweli, kwa mfano kama angedai pesa ziliingia asubuhi simu ilipolia, basi ujumbe peke yake usingetosha, maana maneno ya ujumbe yanaweza kuhaririwa na mjanja yeyote. Ushahidi wenye uzito ni taarifa ya akaunti ya M-Pesa ya aliyepokea, ambayo katika safu ya `Completion Time` huonyesha tarehe na saa kwa mfumo wa saa 24 pamoja na sekunde. Safu hiyo hulinganishwa na namba ya risiti, na hapo hakuna simu iliyozimwa wala picha iliyotumwa inayoweza kuibadilisha.

Nairobi haisogezi saa zake msimu wowote, lakini mji ulipo wewe huenda unasogeza. Mwaka 2025 sehemu kubwa ya Marekani na Kanada ilisogeza saa mbele tarehe 9 Machi na kurudi nyuma tarehe 2 Novemba, na Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya zikasogeza mbele tarehe 30 Machi na kurudi nyuma tarehe 26 Oktoba. Kwa hiyo London huwa nyuma ya Nairobi kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, na Minneapolis huhama kutoka tisa hadi nane. Saa hiyo moja ilimwokoa kaka mwezi uliofuata. Tarehe 5 Aprili alibonyeza saa `3:50 PM`, ambayo mwezi Machi ingekuwa tayari tarehe 6 ya Nairobi, na ujumbe wa msimamizi ukasoma `on 5/4/25 at 11:53 PM`. Zilibaki dakika saba.

Nilimtumia picha ya ujumbe huo aiweke kwenye kumbukumbu zake. Baada ya siku mbili akaniuliza kwa nini msimamizi amempa risiti ya tarehe 4 Mei.