Kufupisha barua pepe ya kupanga siku, kwa msomaji aliye mwaloni na simu mkononi

Kazi yangu ni kuratibu mafunzo ya wachakataji wa dagaa. Ofisi iko Mwanza mjini, ila mafunzo yanafanyika mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na siku napanga kwa barua pepe na makatibu wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya kila mwalo. Hawa ni watu wanaosoma wamesimama, jua limepiga kwenye kioo cha simu, huku mtumbwi unashusha. Wanatupia jicho mara moja tu. Hapa nitafupisha barua moja niliyoiandika mwanzoni mwa wiki, Jumatatu 23 Februari 2026. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

> Mada: Kuhusu mafunzo
>
> Habari za kazi Mzee Katibu. Natumaini u mzima wa afya wewe pamoja na familia na wanachama wote wa BMU. Sisi huku mjini hatujambo. Napenda kukujulisha kwamba, kama tulivyozungumza mwezi uliopita, tunaendelea na maandalizi ya mafunzo ya kukausha dagaa kwenye vichanja kwa wachakataji 20 wa mwaloni kwako. Tulipanga kuja katikati ya Februari lakini gari lilikuwa matengenezoni. Kwa sasa tunafikiria kuja tarehe 3 Machi, na ikiwa vigumu basi hata tarehe 4 inawezekana, kuanzia 4:00 hadi 8:00. Tutapita daraja la Kigongo–Busisi, hivyo hatutegemei kuchelewa. Nauli na chakula cha washiriki tutagharamia sisi. Tunaomba pia eneo lenye kivuli. Hivyo basi, naomba utufahamishe siku itakayokufaa ili tuendelee na maandalizi mengine. Natanguliza shukrani.

Haina kosa la adabu wala la lugha. Shida ni kwamba swali lenyewe liko mwisho kabisa, na siku mbili za kuchagua zimefichwa katikati ya aya.

Hatua ya 1: Andika kwanza jibu unalolitaka

Kabla ya kukata chochote, jiulize: akijibu kwa herufi moja tu, itanitosha? Mimi nilitaka "A" au "B". Jibu hilo likishajulikana, barua yote inapangwa kulizunguka. Ukiona huwezi kulipata jibu fupi la namna hiyo, ujue bado hujaamua unachouliza, na hapo kufupisha hakutasaidia.

Siku zenyewe nazo zichaguliwe kwa kumjua msomaji. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Mwezi mpevu uliangukia Jumanne 3 Machi, kwa hiyo siku zote mbili wachakataji wasingekuwa na mzigo wa kuanika. Ningempa siku za giza, hata barua ya maneno kumi isingepata jibu zuri.

Hatua ya 2: Kata kwa swali moja

Pitia sentensi moja moja na ujiulize: nikiitoa hii, atarudi kuniuliza? Kama hatauliza, itoke. Gari lililokuwa matengenezoni hataliuliza, wala daraja hataliuliza. Yeye anataka kujua tunafika saa ngapi, tunapita wapi ni shauri letu. "Napenda kukujulisha" na "hivyo basi" zinaondoka bila kumwuma mtu.

Hapa ndipo wengi wanakosea kwa upande wa pili, wanakata kupita kiasi. Niliwahi kutoa ile sentensi ya nauli na chakula, nikaona imekuwa safi sana. Badala ya herufi moja nilipokea simu tatu, zote zikiuliza nauli inalipwa na nani. Katibu hawezi kuwaita watu 20 bila kujua hilo, kwa sababu ndilo swali la kwanza watakalomwuliza. Sentensi hiyo inabaki. Idadi ya washiriki inabaki, saa ya kumaliza inabaki, na ombi la kivuli linabaki kwa kuwa linamtaka afanye kazi.

Hatua ya 3: Salamu iwe fupi, isifutwe

Simu ikiwa imefungwa, kinachojitokeza juu ya skrini ni jina lako, mada, na maneno machache ya mwanzo. "Natumaini u mzima wa afya" inaijaza nafasi hiyo yote. Lakini katibu huyu ni rika la baba yangu, siwezi kumwanza na swali bila kumwamkia. Kwa hiyo naandika "Shikamoo Mzee Katibu" na swali linafuata papo hapo, mstari uleule, bila kuruka nafasi. Heshima imekaa kwenye neno moja, na linatosha.

Mada nayo ibebe siku zenyewe: "Jumanne 3 au Jumatano 4 Machi?" Hizo ni herufi 30 ukihesabu na nafasi, na kwenye simu nyingi zinaonekana bila kukatwa. "Kuhusu mafunzo" haimwambii kitu.

Hatua ya 4: Kila siku na mstari wake, saa kwa maneno

Weka jina la siku pamoja na tarehe, na uhakikishe kwenye kalenda kwamba vinalingana. Zikipishana, kila mtu atashika moja.

Saa ndiyo inayotuumiza zaidi. Niliwahi kuandika "4:00" nikimaanisha saa nne asubuhi. Mgeni mmoja akaisoma kama saa ya simu yake, akafika saa kumi jioni tumeshafunga. Tangu siku hiyo naandika "saa 4 asubuhi", bila nukta mbili na sifuri. Ukituma na mwaliko wa kalenda, humo weka 10:00 AM.

Barua ikawa hivi:

> Mada: Jumanne 3 au Jumatano 4 Machi?
>
> Shikamoo Mzee Katibu. Mafunzo ya vichanja vya dagaa tuje siku gani? Jibu A au B.
>
> A: Jumanne 3 Machi, saa 4 asubuhi
> B: Jumatano 4 Machi, saa 4 asubuhi
>
> Washiriki 20, tunamaliza saa 8 mchana. Nauli na chakula ni juu yetu. Tunaomba sehemu yenye kivuli.
>
> Nitakupigia Ijumaa saa 10 jioni. Asante.

Kuhusu huo mstari wa mwisho: wapo wanaoandika "usipojibu tutakuja siku A". Kwa mwenzako wa ofisini sawa. Kwa mwenyeji, tena mzee, mimi siandiki hivyo. Huwezi kujikaribisha kwa mtu kwa sababu amenyamaza. Kupiga simu kunampa siku ya mwisho bila kumlazimisha.

Hatua ya 5: Jaribu kwa maandishi makubwa

Jitumie barua hiyo mwenyewe, ufunge simu, uangalie kinachojitokeza. Kisha ingia kwenye mipangilio, ukuze maandishi hadi karibu na mwisho, uifungue. Watu wazima wengi simu zao ziko hivyo, na barua iliyoenea vizuri kwako inaweza kuwa kurasa mbili kwake. A na B zote zionekane kabla ya kusogeza kidole. Kama B imezama chini, kata tena hapo juu yake.

Barua ya kuahirisha mafunzo siifupishi namna hii. Hiyo napiga simu kwanza, maandishi yanafuata baadaye.

Katibu alijibu "A". Nikamrudishia katika barua ileile: "Asante Mzee. Jumanne 3 Machi, saa 4 asubuhi." Maneno yaleyale ya siku na saa, bila kubadilisha hata moja, ili akiitafuta asubuhi ya safari aikute juu kabisa.