Kabla Hujazimua Mmumunyo Mwekundu wa Chuma

Ukitaka kuchora grafu ya ufyonzaji kwa rangi nyekundu ya chuma(III) na thiosayaneti, amua kwanza utazimua kwa kitu gani. Maji matupu yatakuharibia kazi. Kanuni A = εlc, ambapo A ni ufyonzaji na l ni urefu wa njia ya mwanga ndani ya mmumunyo, inasema mkolezo ukipungua mara 10, ufyonzaji nao hupungua mara 10. Lakini c ni mkolezo wa changamano lenyewe, FeSCN²⁺, yaani chuma na thiosayaneti zilizoungana, wala si wa chumvi uliyoipima kwenye mizani.

Tuseme chuma na thiosayaneti ni 0.001 M kila kimoja, na kigezo cha msawazo ni kama 140. Zinazoungana ni 0.00011 M tu. Ufyonzaji wa molari, ε, karibu na nanomita 450 ni kama 4700, kwa hiyo kuveti, kichupa cha kupimia, ya sentimita 1 itasoma 0.52. Sasa zimua mara 10 kwa maji. Utatarajia 0.052, ila mashine ya kupima ufyonzaji itakupa 0.006 hivi, maana changamano limeachana na kurudi kuwa ayoni zisizo na rangi hiyo. ε yenyewe haijabadilika. Dalili yake ni grafu inayopinda kwenda juu: ukigawanya A kwa mkolezo ulioandika kwenye chupa, jibu linazidi kushuka kadiri mmumunyo unavyokuwa mwepesi.

Basi andaa mapema chuma(III) nitrati 0.2 M ndani ya asidi ya nitriki 0.5 M, uzimulie hiyo. Chuma kikizidi hivyo, takriban asilimia 97 ya thiosayaneti hushikwa katika kila chupa, na kinachobadilika ni thiosayaneti peke yake. Asidi nayo inazuia chuma kushikana na hidroksidi na kuleta umanjano usioutaka. Usigeuze ukazidisha thiosayaneti: chuma kimoja kitashika mbili au zaidi, kila changamano likiwa na ε yake. Sifuri uiweke kwa mmumunyo huohuo wa chuma, kwa kuwa nao unafyonza kidogo.

Mombasa kuna jambo jingine, nalo ni joto. Muungano huu hutoa joto, kwa hiyo chumba kikipamba moto mchana rangi hufifia. Pima chupa zote kwa mfululizo, katika joto moja. Na usitoe mmumunyo kwenye friji ukautia moja kwa moja kwenye kuveti. Unyevu wa pwani utatanda nje ya kioo, na ukungu huo utahesabiwa kama rangi.

Juu nako kuna mpaka. Mwanga wa kupotea ndani ya mashine ukiwa asilimia 1, ufyonzaji wa 2.0 utasomeka 1.7, na hapo grafu inainama chini. Mimi sipendi kupita 1.0, chupa iliyozidi hapo naizimua upya, kwa mmumunyo uleule wa chuma.