Kibarua, mwanagenzi, wa nusu siku: jinsi ya kujua kama kima cha chini cha mshahara kinamhusu

Nimeandika hesabu za mishahara za karakana na maduka ya Malindi kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Huyu wangu si mwajiriwa, ni kibarua tu, sheria inanishika?" Mara nyingi inakushika. Nitapitia hatua ninazozifuata mwenyewe, kwa mfano mmoja wa kijana wa karakana ya vitanda. Alikuwa akilipwa shilingi 300 kutwa, siku sita kwa wiki, kwa miezi 11 kuanzia Novemba 2024. Mwenye karakana alimwita "mwanafunzi wangu".

Hatua ya kwanza: weka jina la cheo kando

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema mwajiriwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na ndani ya maana hiyo hiyo imemtaja mwanagenzi. Kwa hiyo kumwita mtu mwanafunzi hakumtoi. Jiulize mambo mawili: anapokea ujira, na anafanya kazi unayoiuza? Kijana wetu alipiga randa, alipaka vanishi, alibeba mbao, na vitanda vikauzwa.

Ukitaka mwanagenzi wa kweli, mkataba wake huandikwa na kusajiliwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na wewe unafungwa kumfundisha kama yeye anavyofungwa kufanya kazi. Nilipomwomba mzee wa karakana karatasi hiyo alicheka, akasema, "Mwanangu, mimi nilijifunza kwa marehemu baba bila karatasi." Namwamini kabisa, ila afisa wa leba hataikubali hiyo. Mwanachuo aliyeletwa na chuo kwa wiki chache za mazoezi, bila ujira, ni habari nyingine. Usimchanganye na huyu.

Hatua ya pili: hesabu siku za kibarua

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Kisheria kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Leo umemwita, jioni umemlipa, kesho hakuna ahadi. Naye ana kima chake cha kutwa katika jedwali la serikali, kwa hiyo hata kibarua halisi hayuko nje.

Lakini kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinambadilisha. Akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa wa mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Ni vivyo hivyo kama kazi yenyewe ni ya aina ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu. Katika kuhesabu, kila siku sita za kazi zinampa siku moja ya mapumziko yenye malipo, kwa hiyo Jumapili zake zinaingia hesabuni. Akifikisha miezi miwili mfululizo anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza na ukibarua.

Nilifungua daftari la karakana, lile la jalada gumu lenye vumbi la mbao katikati ya kurasa. Jina la kijana lilikuwa na alama ya vema Jumatatu hadi Jumamosi, wiki baada ya wiki. Kila baada ya wiki tatu palikuwa na siku moja tupu. Mzee alidhani siku hiyo inakata hesabu. Ujanja huo ni dhaifu: mtu anayerudi kesho yake kwenye randa ile ile ana kazi inayoendelea, na daftari lako ndilo litakalokuumbua. Kinyume chake, anayeitwa kushusha mbao lori likifika, mara mbili kwa mwezi, anabaki kibarua hata kwa mwaka mzima.

Hatua ya tatu: tafuta safu sahihi ya jedwali

Amri ya mishahara, ambayo ndiyo yenye jedwali hilo la serikali, ina safu tatu za mahali: majiji, iliyokuwa miji ya manispaa, na sehemu nyingine zote. Malindi ilikuwa na baraza la manispaa, kwa hiyo iko safu ya pili. Lamu ilikuwa chini ya baraza la kaunti, ikaangukia safu ya tatu. Shella ya Malindi na Shela ya Lamu, majina karibu ni mamoja, kima ni viwili.

Kwa amri iliyoanza 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa kazi za kawaida analipwa kwa mwezi takriban shilingi 14,867 Malindi na takriban 8,596 Lamu, bila nyumba. Angalia kwanza kama kazi yako ina amri yake. Hoteli, ujenzi, ulinzi na mashamba zina zake, na karakana ya vitanda inabaki kwenye amri ya jumla. Tena usilipe kwa tangazo la jukwaani Leba Dei. Lile la Mei 2024 lilipata nguvu Novemba, kwa amri iliyochapishwa.

Hatua ya nne: ongeza nyumba, kisha toa

Kama humpi mahali pa kulala, ongeza asilimia 15 ya kima hicho. Malindi ni 14,867 na 2,230, jumla 17,097. Kijana alipokea 300 mara siku 26, yaani 7,800. Pengo ni 9,297 kwa mwezi, na kwa miezi 11 ni 102,267. Karakana hiyo hiyo ingekuwa Lamu, kima na nyumba vingefika 9,885, na pengo la miezi 11 lingekuwa 22,935.

Saa za ziada hakuwa nazo: saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, akitoa saa moja ya chakula na swala, ni saa 48 kwa wiki, na kikomo cha amri ya jumla ni 52. Ila angalia kama yuko kundi sahihi. Siku anapounga kitanda mwenyewe bila kusimamiwa ameanza kuwa fundi asiye na gredi, na kima chake kinapanda.

Hatua ya tano: wa nusu siku

Hapa ni pafupi. Hakuna mstari unaomtoa mtu kwa sababu anafanya saa chache. Jedwali lina kima cha saa pia. Andika saa anayoingia na anayotoka kwa wiki nne. Nimeona dada wa dukani akilipwa "nusu mshahara" ilhali anafungua saa 2 na kuondoka saa 9. Saa saba si nusu siku.

Hatua ya sita: ushahidi na muda

Kibarua hapewi hati ya mshahara, kwa hiyo tafuta kwingine. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa. Malipo ya kila Jumamosi kutoka nambari moja yanasema mengi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ulipaswa kuandikwa na mwajiri, na asipoutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Peleka kwa afisa wa leba kwanza. Ikishindikana, hakimu husikiliza madai ya wanaolipwa hadi 80,000 kwa mwezi. Muda wa jumla ni miaka mitatu, lakini kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yakome, kwa hiyo mimi huwaambia waliotoka kazini wahesabu hiyo 12. Kijana wetu alikuja katika mwezi wake wa tisa tangu aondoke. Mzee alikubali kulipa kwa awamu sita, na awamu ya kwanza ilitumwa kwa nambari ile ile ya kila Jumamosi.